Mjadala: Magazeti yanapunguza watu, kila mtu ana simu. Binti asomee uandishi wa habari?

Mama, Lindi mjini: Binti yangu kamaliza kidato cha sita, anataka stashahada ya uandishi wa habari. Mjomba wake anasema tunatupa ada, kwa sababu magazeti yanapunguza watu na kila mwenye simu anarusha habari. Nyie mnaoifanya kazi hii, ni ujuzi gani bado una thamani?

Kijana mwenye ukurasa wa habari, Masasi: Mjomba yuko sahihi. Mimi sikusomea. Ajali ikitokea njia ya Mangaka, picha nimesharusha kabla ripota wa mkoa hajapata nauli. Ajifunze kukata video na kupiga picha nzuri, mengine atayakuta mbele ya safari.

Mwandishi wa kujitegemea, Mtwara: Kwenye kasi sibishani nawe, gazeti haliwezi kukufikia. Ila tuangalie habari kubwa kuliko zote huku kwetu, mnada wa korosho. Kila msimu mnaandika "korosho yafika 3,400". Hiyo ni bei ya juu, na mara nyingi imepatikana kwenye loti chache. Tuseme tani 50 zimeuzwa kwa shilingi 3,400 kwa kilo, na tani 450 kwa 2,900. Ukichukua bei mbili ukagawa kwa mbili utapata 3,150, na hapo umeshakosea. Zidisha kila bei kwa uzito wake, jumlisha, kisha gawa kwa tani zote 500. Unapata 2,950. Mkulima aliyesoma 3,400 akaja kulipwa chini ya 2,900 atajua katibu wa chama cha msingi cha ushirika kamwibia, kumbe aliyempotosha ni mwandishi.

Mkulima, Newala: Afadhali umelitaja. Mimi mzigo wangu umeuzwa mnada wa pili na hela niliyopata haifanani na bei iliyotangazwa. Nani anashughulikia?

Mwandishi wa kujitegemea: Mzee wangu, pole. Stakabadhi uliyopewa siku ya kupima unayo? Angalia kilo na daraja, kisha uliza chama chako mzigo ule uliingia loti ipi. Bei ya mnada siyo inayoingia benki: kuna usafiri hadi ghala kuu, gharama za ghala, ushuru wa halmashauri, na makato ya chama cha msingi na chama kikuu. Viwango hubadilika, kwa hiyo omba vya msimu huo kwa maandishi. Ukishatoa makato yote na bado pana pengo, hapo kuna habari. Na hiyo ndiyo kazi ninayoisema: kuchukua stakabadhi ya mkulima mmoja na kuifuata hadi benki.

Mtangazaji mstaafu wa redio, Nachingwea: Naongeza jambo. Zamani masanduku ya zabuni yalifunguliwa mbele ya wakulima na wao ndio walioikubali bei au kuikataa. Ripota aliyesimama pale alisikia minong'ono yote. Sasa minada inaendeshwa kwenye mfumo wa TMX, yaani Soko la Bidhaa Tanzania, bei zinaonekana kwenye skrini. Bei atazipata kila mtu. Kwa nini wakulima wa kijiji fulani wamenuna, au kangomba, yule mnunuzi wa korosho nje ya mnada, anapita usiku kwa nani, hayo utaambiwa na watu wanaokuamini, na imani hiyo huchukua misimu kadhaa kujengeka.

Kijana, Masasi: Nimekuelewa kwenye wastani, nitarekebisha. Lakini niulize kweli: nani atanilipa siku nzima ya kufuata stakabadhi moja? Video ya ajali inaleta watazamaji papo hapo.

Mwandishi wa kujitegemea: Swali hilo linauma. Sisi tunaolipwa kwa habari, stori ya makato iliyonila wiki hulipwa sawa na hotuba niliyoisikiliza nusu saa. Waliokuwa hodari wa hesabu wengi wamekwenda kuwa maofisa habari wa taasisi, wanalipwa vizuri, na hawawezi tena kuandika dhidi ya taasisi hizo. Sina dawa ya hilo. Na wewe leseni ya maudhui ya mtandaoni unayo? Kanuni za 2020 zinaitaka.

Kijana, Masasi: Nafuatilia.

Mama, Lindi mjini: Kwa hiyo chuo anahitaji au hahitaji?

Mwandishi wa kujitegemea: Akitaka ithibati ya uandishi, anahitaji. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 imeweka ithibati, na kanuni zake zinadai angalau stashahada. Lakini vyuo havilingani. Kabla hujalipa ada, hakikisha kimesajiliwa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, kisha uliza wanafunzi wamehudhuria baraza la madiwani mara ngapi, na kama kuna mwalimu anayewapa bajeti ya halmashauri waandike habari kutoka humo. Wakikuonyesha studio peke yake, tafuta chuo kingine.

Mtangazaji mstaafu: Na likizo hii aje Nachingwea wakati wa mnada. Nitampeleka kwenye chama cha msingi, akae na wapimaji kwenye mizani.