Nimeuziwa mifi "inayokubali laini zote", 4G sijaiona hata siku moja!

Mkazi wa Chanika: Wakuu, nina hasira. Laki na thelathini yangu imeliwa na muuzaji wa mtandaoni. Aliniapia mifi imetoka Marekani na imeshafunguliwa. Laini inasoma kweli, jina la mtandao linatokea, halafu ni 3G asubuhi mpaka usiku. Nikiihamishia laini hiyohiyo kwenye simu, palepale mezani, 4G inajaa. Nimempigia, ananijibu eti mtandao wa huku ni mbovu. Mbovu kwa mifi tu?

Jembe la Kazi: Haijafunguliwa vizuri hiyo. Peleka Kariakoo waiflashi. Yangu iligoma, nikalipa elfu kumi na tano ikapona.

Babu Antena: Jembe, yako ilikuwa imefungwa kwa mtandao mmoja. Ya mwenzetu ingekuwa imefungwa isingeshika hata 3G. Mkuu, boksi linasema LTE bendi zipi?

Mkazi wa Chanika: 2, 4, 5, 13, 66.

Babu Antena: Ndiyo hapo. Hizo ni za kwao. 4G ya huku utaikuta sana bendi 3, yaani 1800, na zile za chini, 20 au 28, kutegemea mtandao. 3G unaipata kwa sababu wameiwekea 2100 kwa ajili ya wasafiri. Kuflashi hakutasaidia, maana vichujio vya mawimbi vimechomelewa kwenye ubao. Na wewe uko pembeni ya mji, kwa hiyo usinunue yenye bendi 3 peke yake. 1800 huchoka mapema, 700 na 800 ndizo zinazofika mbali. Kama una Samsung, piga *#0011# ukiwa hapo nyumbani, uone simu imekaa bendi gani.

Mama Tofali: Na mimi ruta yangu inaandika 5G kwenye jina la waifai lakini chumba cha nyuma hakuna kitu. Nibadilishe laini?

Babu Antena: Hapana dada, laini haihusiki. Hiyo ni 5 GHz ya waifai yenyewe, inakufa ukutani. Ukiwa chumbani unga lile jina lisilo na 5G. Kasi itapungua, lakini linapenya zaidi.

Mama Tofali: Nalipia 5G basi ya nini?

Mkazi wa Chanika: Nimepiga, simu inasema Band 28. Muuzaji amelainika, anataka kunibadilishia na Huawei B315s-22, niongeze elfu arobaini.

Babu Antena: Usiongeze hata shilingi! Hiyo ina 20, haina 28. B315s-607 ndiyo yenye 28, nayo haina 20. Umbo ni lilelile, mkia wa jina ndio unaotofautisha. Soma kibandiko cha chini, usisome tangazo.

Jembe la Kazi: Ila -22 si ina bendi 3? Huenda ikashika.

Babu Antena: Huenda. Aende nayo nyumbani kabla ya kulipa.

Mkazi wa Chanika: Amesema bidhaa haitoki dukani bila hela.