Wasifu wa askari mstaafu anayeomba umeneja wa ulinzi: niache cheo, nikitafsiri, au nikifute?

Mkaguzi_Mstaafu

Wanajukwaa, salaam. Nimestaafu Jeshi la Polisi baada ya miaka 24, nikiwa na cheo cha Mkaguzi Msaidizi, na miaka sita ya mwisho nilikuwa mkuu wa kituo. Sasa naomba nafasi ya meneja wa ulinzi katika kampuni ya maghala hapa Dar es Salaam, upande wa Barabara ya Nyerere. Tangazo linataka mtu atakayesimamia walinzi wa mkandarasi, atakayepunguza upotevu wa mali na kuandika taarifa kwa uongozi. Nimeandaa aya mbili juu ya kazi ileile, na ninaomba mnisaidie kuchagua.

Ya kwanza: "Nilikuwa OCS wa kituo cha Daraja C, nikisimamia chaji rumu, OB, lindo, doria, mahabusu na vielelezo kwa mujibu wa PGO."

Ya pili, niliyoandikiwa na kijana wa stesheneri: "Nilikuwa Meneja Mkuu wa Operesheni katika taasisi kubwa ya umma, nikiongoza rasilimali watu na mikakati ya usalama."

Ya kwanza ni kweli tupu, lakini binti yangu, ambaye ni mhasibu, ameisoma mara mbili na hakuielewa. Ya pili inasomeka vizuri, ila nikiisoma sijioni ndani yake.

Koplo_wa_Zamani

Afande, shikamoo. Mimi nilitumikia JWTZ miaka 12, na ushauri wangu ni kwamba ufute cheo kabisa. Raia wakiona neno askari wanafikiria amri na makofi. Nilipoandika "koplo" sikuitwa kwenye usaili hata mara moja, na nilipoandika "msimamizi wa timu" niliitwa mara mbili. Ondoa pia maneno kama operesheni, kusambaratisha na mhalifu sugu, kwa sababu yanamtisha msomaji ambaye shida yake ni katoni za sabuni zinazopungua ghalani.

DadaWaAjira

Shikamoo afande. Ninafanya kazi ya uafisa rasilimali watu, na wasifu wa aina hizi mbili ninaupokea mara kwa mara. Aya ya pili ndiyo ingekuangusha kwangu. Nikivutiwa nayo nitaomba cheti chako cha utumishi, nacho kitasema Mkaguzi Msaidizi, wala hakitasema Meneja Mkuu popote. Hapo sitajiuliza kama umetafsiri, nitajiuliza kama umedanganya, na kazi ya kushika funguo za maghala haianzi na swali hilo.

Aya ya kwanza haina uongo, lakini inaniachia mimi kazi ya kukisia. Sijui Daraja C ni kubwa au dogo, wala kama "lindo" ni mtu mmoja mlangoni au kumi. Ninachotafuta ni vitu vichache: uliongoza watu wangapi, kwa saa zipi, ulikabidhiwa kitu gani ambacho kingepotea ungewajibika, na ulimwandikia nani taarifa.

Kwa ndugu Koplo, upo sahihi kuhusu maneno, lakini si kuhusu kufuta. Mtu akifuta miaka 24 anabaki na shimo la miaka 24, na mimi nitauliza alikuwa wapi.

Sajini_Nakuru

Niongezee jambo kutoka Kenya, ambako nilikuwa sajini katika KDF kabla ya kuingia benki kama msimamizi wa ulinzi. Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba cheo kinajieleza. Sajini wa platuni jeshini ana watu kama 30 ambao anajua wamekula nini na viatu vya nani vimetoboka, ilhali sajini wa polisi kituoni huenda anaongoza zamu ya watu wachache sana, lakini anafanya uamuzi wa kisheria ambao mimi sikuwahi kuufanya. Jina moja, mizigo miwili tofauti. Kwa hiyo, usitafute cheo cha kiraia kinacholingana na chako, kwa sababu hakipo. Eleza mzigo wenyewe.

Huku kwetu, tangu sheria ya ulinzi binafsi ya mwaka 2016, wanaofanya kazi hii wanatakiwa wasajiliwe na mamlaka yake, kwa hiyo cheo cha zamani peke yake hakikutoshi hata ukikieleza vizuri.

Safari_Ghuba

Mzee wangu, kwa nini usiende Dubai? Kule cheo hakiulizwi, unafanya mafunzo na mtihani wa SIRA, mamlaka ya ulinzi ya huko, unapewa kitambulisho na unaanza kazi ya ulinzi. Mdogo wangu alikwenda, sasa anasimama kwenye duka kubwa na analipwa kila mwezi bila kukosa.

Mkaguzi_Mstaafu

Nashukuru, kijana wangu, na mdogo wako nampongeza. Swali langu ni la kusimamia, si la kusimama lindo, na familia yangu iko hapa.

MlinziMkuu_Hoteli

Afande, heshima yako. Nilitoka jeshini nikiwa Kapteni, na sasa ni mwaka wa tisa nasimamia ulinzi wa hoteli Zanzibar. Nakubaliana na dada: andika cheo mara moja, kama kilivyo kwenye cheti, kisha eleza kazi kwa maneno ambayo binti yako mhasibu atayaelewa. Ila kabla ya kuandika, nataka kukuuliza jambo. Katika orodha yako umetaja vielelezo mwishoni kabisa, kana kwamba ni kitu kidogo. Stoo ya vielelezo uliipokeaje, na uliikabidhije?

Mkaguzi_Mstaafu

Niliipokea vibaya. Rejista ilionyesha vitu 212, na nilipohesabu nilipata 197. Nilikaa na sajenti wangu usiku mbili, taa ya mkononi ikiwa juu ya kabati, tukipitia mstari kwa mstari: baiskeli, simu, mapanga, mashine ya kushonea iliyofungwa kwa kipande cha kitambaa badala ya lebo. Vitu 11 vilikuwa vimerudishwa kwa wenyewe kwa amri ya mahakama, lakini hakuna aliyesaini. Vinne havikuonekana hadi leo, na niliviandikia taarifa kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Baada ya hapo niliweka utaratibu kwamba anayeshika ufunguo hashiki rejista, na kila Ijumaa mtu wa tatu anahesabu. Nilipokabidhi kituo, hesabu na rejista vililingana.

MlinziMkuu_Hoteli

Hiyo ndiyo kazi waliyoitangaza, afande, na umeificha nyuma ya neno moja. Ghala linapotewa na mali kwa namna ileile: mtu mmoja anashika ufunguo na daftari, mzigo unatoka kwa maneno bila saini, na hakuna anayehesabu hadi mwisho wa mwaka. Mwenye ghala akisoma hesabu yako ya 212 na 197 hatahitaji kujua OCS ni nani. Ila usiandike idadi ya silaha wala jinsi kituo kilivyolindwa, maana hizo si zako kuzitoa.

Kuna mambo mawili ambayo hayatafsiriki, na humo ndimo wengi wetu tunaanguka kwenye usaili. La kwanza ni mamlaka ya kukamata. Jana ulikuwa askari, leo ni raia, na ukimkuta mtu na katoni mkononi unachoweza ni kumzuia na kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Ukimfungia stoo umhoji hadi jioni, kesi inakuwa yako. La pili ni mamlaka ya amri. Kule mlinzi akilala lindoni ulikuwa na njia zako. Huku kuna onyo la maandishi, kuna kikao cha nidhamu ambamo anajitetea, na ukimfukuza kinyume cha utaratibu ana siku 30 za kukupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kama ni mlinzi wa mkandarasi, hata onyo si lako kumpa; unamwandikia mwajiri wake.

Mimi niliulizwa hivi: mageti mawili, saa 24, siku zote za wiki, unahitaji walinzi wangapi? Nikajibu kijeshi: wanne, zamu mbili za saa 12. Bibi aliyekuwa ananisaili akachukua kalamu. Geti moja ni saa 168 kwa wiki, mawili ni 336. Ukigawa kwa watu wanne, kila mmoja anafanya saa 84, wakati sheria ya ajira ya mwaka 2004 inataka saa 45 za kawaida kwa wiki, na ziada isiyozidi saa 50 katika wiki nne. Kwa saa 45 unapata karibu wanane, na ukiweka likizo ya siku 28 unafika tisa. Nafasi ile sikuipata.

Koplo_wa_Zamani

Lakini afande Kapteni, makampuni mengi ya ulinzi yanaendesha zamu za saa 12 na watu wachache kuliko hao, nawafahamu.

MlinziMkuu_Hoteli

Nawafahamu pia, na ndiyo sababu walinzi wao wanalala saa tisa usiku. Meneja anayepokea mkataba wa bei ya chini ajue kwamba bei hiyo imetoka kwenye usingizi wa mtu.

Nikiri jambo moja: afande akiomba kazi kwenye kampuni ya ulinzi yenyewe, ambako mara nyingi mwenye ofisi ni mstaafu mwenzetu, aya ya kwanza itasomwa bila shida na cheo kitamfungulia mlango. Kwa mwenye maghala haitamsaidia. Karatasi mbili kwa wasomaji wawili si dhambi, mradi zote ziwe kweli.

Mkaguzi_Mstaafu

Nimeandika upya. Naomba msome:

"Mkaguzi Msaidizi wa Polisi, mkuu wa kituo kwa miaka sita. Niliongoza askari 19 katika kituo kilichofanya kazi saa 24, nikipanga zamu zao kila wiki, nikikagua daftari la matukio kila asubuhi na kuandika taarifa kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Nilikabidhiwa stoo ya vielelezo yenye vitu 212 kwenye rejista na 197 kwa hesabu halisi. Nilipata maelezo ya 11, nikatoa taarifa ya vinne vilivyopotea, nikatenganisha ufunguo na rejista na kuanzisha uhakiki wa kila wiki. Nilipokabidhi, rejista na stoo vililingana."

Swali lililobaki: juu kabisa, kwenye jina langu, niandike "Mkaguzi Msaidizi (Mst.)" au jina tupu?

DadaWaAjira

Jina tupu, afande. Ukilitanguliza na cheo, naanza kujiuliza kama utakubali kuelekezwa na meneja wa miaka 30.

MlinziMkuu_Hoteli

Hapo dada hatukubaliani. Mimi langu lina cheo hadi leo, na walinzi wa mkandarasi wanalisoma kabla hawajanisikia. Lakini aya hiyo, afande, itume leo kama ilivyo.

Sajini_Nakuru

Mpelekee kwanza binti yako aisome mara moja tu.