Naomba ushauri: nichukue milioni 43 sasa hivi au malipo ya miaka 10?

Wakuu habari zenu, naachana na mwenzangu kwenye biashara, anataka kununua hisa zangu, aidha anipe milioni 43 leo au anilipe kila mwaka kwa miaka 10, ya kwanza milioni 6 halafu inapanda 5% kila mwaka kama mshahara wake unavyopanda. Shemeji kajumlisha tu kapata kama milioni 75.5 akasema chukua ya miaka, ila hela ya mwaka wa kumi si hela ya leo jamani. Mimi nimetumia riba ya 12%, ndo ninayoweza kupata kwenye hati fungani:

```
PV = C/(r-g) * (1 - ((1+g)/(1+r))^n)
```

PV ni thamani ya leo, C malipo ya kwanza, r riba, g ongezeko la kila mwaka, n idadi ya miaka. Inakuja kama milioni 40.8, so bora 43. Shida, fomula hii inachukulia malipo ya kwanza ni baada ya mwaka mmoja, yakianza leo nazidisha kwa 1.12 napata kama 45.7 na jibu linageuka kabisa! Mkataba umeandika "kila mwaka" tu. Nimbane aandike tarehe kwanza? Na hiyo 12% si ndogo kwa mtu binafsi anayeweza kuchelewesha?