Kesi imeisha kusikilizwa ndo tunaambiwa mahakama haina mamlaka!

Wakuu nina hasira mpaka mikono inatetemeka. Dada yangu alinunua kiwanja, muuzaji akakiuza tena kwa mtu mwingine. Wakili akafungua kesi mahakama ya kawaida ya madai, akasema hii ni kuvunja mkataba. Mashahidi wote wametoa ushahidi, tunasubiri hukumu tu, mara upande wa pili wanaleta pingamizi kwamba hilo ni shauri la ardhi na hapo si mahali pake. Hakimu kakubali, kesi imeondolewa, ushahidi wote si kitu!! Sasa masjala waliopokea hati na ada walikuwa wanaangalia nini? Na kwanini pingamizi lisikilizwe mwishoni hivyo wakati wao wenyewe walijibu madai wakanyamaza?

Mzee wa Viambatisho: Pole sana mkuu. Masjala hawaamui mamlaka, wanapokea tu. Na kunyamaza kwao hakusaidii, mamlaka ya aina ya shauri yanatoka kwenye sheria, hata mkikubaliana wote wawili hamuwezi kuipa mahakama mamlaka isiyokuwa nayo, ndo maana linaibuka hata kwenye rufaa. Hebu niambie, mwishoni mwa hati ya madai mliomba nini?

Mleta uzi: Atangazwe mmiliki halali, na yule mnunuzi wa pili aondoke.

Mzee wa Viambatisho: Basi hapo ndo palipowaponza. Ukiomba umiliki, mahakama lazima iamue kiwanja ni cha nani, na kama kuna mahakama maalum ya ardhi hiyo ni kazi yake hata ukiandika neno mkataba kila mstari.

Tulia_Bi: Ndo maana mi nasema dai pesa yako tu irudi, hapo ni mkataba, unabaki mahakama ya kawaida.

Mzee wa Viambatisho: Kwa pesa peke yake mara nyingi ni kweli dada, ila kiasi nacho kina kikomo kwenye mahakama za ngazi za chini. Na wao wanataka kiwanja, si pesa.

Kaka Mdogo: Hata mimi nilifungua kesi wilaya nyingine, mdaiwa akaja kulalamika kwa kuchelewa, hakimu akamkatalia tukaendelea. Kateni rufaa tu!

Mzee wa Viambatisho: Yako ilikuwa suala la mahali ndugu, hilo lisipoibuliwa mapema kwa kawaida linapita. Hili haliponi hivyo. Mleta uzi, soma amri, imeandikwa imeondolewa au imetupiliwa mbali? Ikiwa imeondolewa mnaweza kufungua upya kunakostahili, ila angalieni ukomo wa muda wa kufungua kesi, muda umekimbia tangu muuzaji auze mara ya pili. Sheria nyingi zinaruhusu kutohesabu muda uliopotea mahakama isiyo na mamlaka kama mlikuwa na nia njema na bidii, lakini lazima mliombe na kulieleza, halitolewi tu.

Mleta uzi: Imeandikwa imeondolewa. Ila wakili anataka alipwe upya kufungua kule, na gharama za upande wa pili tumebebeshwa sisi! Kwanini kosa la wakili alipe dada yangu?

Tulia_Bi: Mdaini huyo wakili.

Mzee wa Viambatisho: Inawezekana, ila hiyo ni kesi nyingine. Fungueni hii kwanza kabla ukomo haujawafunga.