Naanzaje na kumalizaje uzi wa kudarizi bila fundo? Nyuma pamejaa vinundu

Mpenda_Nyuzi:
Habari zenu wapendwa. Nadarizi kitambaa cheupe cha meza: shina la kijani kwa nyuzi tatu, na maua mekundu ya kujaza kwa nyuzi mbili. Mbele panapendeza, ila nikipiga pasi kila fundo linajichora kama punje ya mchele. Mafundo mawili tayari yamepenya kitambaa yakatokea mbele. Pia kuna mkia mwekundu niliouvusha nyuma kutoka ua moja hadi jingine, na kivuli chake kinaonekana. Nifanyeje? Nimebakiza nusu ya kazi.

Sindano_Kali:
Rahisi sana, dada. Chukua uzi mmoja mrefu, ukunje katikati, ncha mbili zilizokatwa uzipitishe kwenye tundu la sindano. Toka mbele, rudi nyuma, ingiza sindano kwenye kitanzi kilichobaki, vuta polepole. Fundo hakuna. Mimi natumia hiyo kwa kila kitu.

Fundi_Mstaafu:
Hapo kwa kila kitu sikubali, ndugu yangu. Ukikunja uzi mmoja unapata nyuzi mbili, ukikunja miwili unapata minne. Tatu huipati. Kwa hiyo mwenzetu aitumie kwenye maua, shina haliwezi. Na kama uzi ni ule unaobadilika rangi, ukiukunja unachanganya rangi mbili kwenye mshono mmoja.

Kwa shina, mwanangu, funga fundo lakini liweke MBELE ya kitambaa, juu ya mstari wako, kama sentimita 3 kutoka unapoanzia. Zamisha sindano hapo, kisha itokeze mwanzo wa shina. Sasa nyuma kuna uzi umelala sambamba na mstari. Darizi kuelekea kwenye fundo, na kila baada ya mishono miwili geuza uone kama mishono inaukamata ule uzi. Ukilifikia fundo, livute juu kidogo, likate. Kilichobaki kimeshashikwa chini ya mishono yako.

Kumaliza shina: peleka sindano nyuma, uzungushie uzi kwenye migongo ya mishono mara tano au sita, bila kuchoma kitambaa. Kata, ubakize milimita mbili hivi.

Kumaliza ua: pitisha sindano chini ya zile nyuzi za nyuma kwa sentimita 2, ruka uzi mmoja, urudi ulikotoka kwa sentimita 1. Huko kurudi ndiko kunakozuia uzi kuchomoka, hasa ule wa hariri unaoteleza. Mkia mwekundu uishie ndani ya wekundu wake. Usiuvushe penye weupe, kata uanze upya ua la pili.

Mama_Mapacha:
Mimi pia nyuma panakuwa kama kiota cha ndege, nyuzi zinajikusanya chini ya kitambaa. Nimelegeza uzi wa juu, bado. Au ni bobini?

Sindano_Kali:
Mama, hiyo yako ni ya cherehani, hapa tunaongelea mkono. Ila uzi wa juu ukiwa umelegea ndio unaojikusanya chini, kwa hiyo ulivyoulegeza umeongeza tatizo. Uchomoe wote, inua mguu wa cherehani, uupitishe upya.
Fundi, la nyuzi tatu nimekubali, sikuwa nimelifikiria.

Usiku_Nadarizi:
Nguo za watoto mimi nafunga fundo dogo na sioni aibu. Zinafuliwa kila siku, mikia ya kupitisha ilishanichomoka mara mbili.

Fundi_Mstaafu:
Huenda hukuirudisha sindano, au ulikata ukiwa umepita nyuzi mbili tatu tu. Fundo nalo likikatika kwenye kufua, mshono wote unafumuka.

Usiku_Nadarizi:
Niliirudisha, mzee wangu. Kwa nguo ya kufikichwa kwa mkono mimi nabaki na fundo langu.

Mpenda_Nyuzi:
Asanteni sana. Nimejaribu kwenye shina moja. Mwanzo umekaa bapa kabisa! Ila nilipomaliza, mbele pamebonyea mahali pamoja. Na mara moja uzi ulibaki mfupi kuliko sindano, nikashindwa kuuingiza.

Fundi_Mstaafu:
Kubonyea ni kuvuta kwa nguvu wakati wa kuzungushia. Legeza mzunguko wa mwisho kwa ncha ya sindano, kitambaa kikiwa bado kimekazwa kwenye fremu, patarudi. Uzi ukibaki sentimita 10 acha kudarizi, malizia. Ukishakuwa mfupi, itangulize sindano tupu chini ya mishono, tundu likibaki nje karibu na uzi. Tunga hapo hapo, kisha uivute ipite.

Mpenda_Nyuzi:
Hiyo ya sindano tupu imekubali! Na yale mafundo ya zamani niyafumue?

Sindano_Kali:
Yaliyotokea mbele tu. Mengine ukiyakata bila kupata mkia wa kupitisha, utapoteza ua zima.

Fundi_Mstaafu:
Kwanza piga pasi kitambaa kikiwa kimelala kifudifudi juu ya taulo nene, vinundu vizame kwenye taulo. Ukiona bado vinajichora, lete picha ya nyuma tuone lipi lina mkia wa kutosha.