Bonasi ya wauzaji dukani: lengo la mauzo, asilimia, au faida?

Mwenye_Duka_Mwanga
Wakuu habari za jioni. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanga, Kigoma, na vijana wawili. Mmoja yuko upande wa saruji. Binti yuko kaunta, anauza rangi, vitasa, mabomba na mengineyo. Nawalipa mshahara wa mwezi, na duka likifikisha mauzo ya 25,000,000 kila mmoja anaongezewa 50,000. Wasipofika, hakuna.

Mei walifika 25,200,000 nikalipa. Juni wakaishia 22,500,000, sikulipa, na tangu hapo wamenuna. Nawaza mambo matatu: nibaki na lengo hili, niwape asilimia 1 ya mauzo yote, au nitafute njia nyingine. Na kile kikao cha mwisho wa mwezi mnakifanyaje? Changu kinageuka kesi.

Baharia_Kibirizi
Usiweke lengo moja kwa mwaka mzima. Mimi nauza nyavu, kamba na taa za wavuvi. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa Mei 15 hadi Agosti 15, kijana wangu alikaa miezi mitatu bila bonasi na hakuwa na kosa lolote. Kabla ziwa halijafunguliwa akaacha kazi. Hata ziwa likiwa wazi, siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawaingii majini, mauzo yanalala.

Mama_Isevya
Kwani hao wa asilimia huwa mnawapa mshahara pia? Mimi huku Tabora nampa mtu asali aniuzie, kila ndoo anachukua chake, basi. Sina kikao wala lengo.

Mwenye_Duka_Mwanga
Hao wako ni mawakala, mama. Wangu ni waajiriwa, wana mikataba.

Mhasibu_wa_Gungu
Mkuu, kabla ya kuchagua, nipe mchanganuo wa Mei na Juni. Saruji mifuko mingapi, na faida yako kwa mfuko ni kiasi gani baada ya kutoa bei ya kununulia na usafiri?

Mwenye_Duka_Mwanga
Saruji nauza 20,000, nabaki na 500 tu kwa mfuko. Mei ilitoka mifuko 1,100, Juni 800. Vingine Mei viliuzwa 3,200,000, faida 640,000. Juni 6,500,000, faida 1,300,000.

Mhasibu_wa_Gungu
Sasa tazama ulichofanya. Mei saruji ilikupa 550,000, ukijumlisha na vingine ni 1,190,000. Juni saruji 400,000, jumla 1,700,000. Mwezi uliokuletea faida zaidi ndio ulionyima watu bonasi. Ndiyo maana wamenuna, na nina hakika binti amenuna zaidi.

Asilimia 1 ya mauzo nayo haikuokoi. Juni kijana wa saruji angepata 160,000 kwa mzigo uliokuachia 400,000, na binti 65,000 kwa mzigo uliokuachia 1,300,000. Ukishalipa hivyo miezi miwili, kila mtu atakimbilia saruji na rangi itakaa kwenye shelfu.

Halafu angalia siku tatu za mwisho za Mei. Kulikuwa na mkopo?

Mwenye_Duka_Mwanga
Umenikamata. Fundi mmoja alichukua mifuko 200 kwa deni tarehe 29. Mpaka leo hajamaliza.

Mhasibu_wa_Gungu
Hiyo ni 4,000,000. Bila deni hilo wasingefika. Lengo la kupata yote au kukosa yote lina tabia hiyo: likiwa karibu, mtu anasukuma mali nje kwa deni, na likiwa mbali tarehe 20 anakaa tu kwenye kiti. Deni lihesabiwe siku pesa inapoingia.

Mimi ningefanya hivi. Lengo liwe la faida, si mauzo. Chukua mwezi kama huo wa miaka miwili mitatu iliyopita, maana kiangazi watu wanajenga na masika wanangoja mvua iishe. Tuseme Juni ni 1,500,000. Wakivuka 1,200,000, wapate asilimia 10 ya kinachozidi. Wakivuka lengo, kinachozidi lengo kiwe asilimia 15. Kwa Juni yako ni 30,000 na 30,000, jumla 60,000. Gawa kwa siku walizofanya kazi.

Mwenye_Duka_Mwanga
Kijana alifanya siku 26, binti 22, alikuwa na msiba. Kwa hiyo 1,250 kwa siku: 32,500 na 27,500. Mbona imeshuka? Wangefika lengo ningelipa 100,000.

Muuzaji_Kaunta
Naomba niseme kama mfanyakazi. Hiyo ni ndogo kaka, na binti aliyeleta faida kubwa anapata kidogo kwa sababu ya msiba. Halafu bosi gani atanionyesha bei aliyonunulia?

Mhasibu_wa_Gungu
Viwango pandisheni, ni mfano tu. Akitumia 15 na 25, Juni inakuwa 95,000. Kuhusu bei ya kununulia, ni hofu ya wenye maduka wengi. Tumia alama: kila 500 ya faida ni alama moja. Saruji alama 1, ndoo kubwa ya rangi labda 20. Muuzaji anajumlisha mwenyewe kwenye daftari. Akimpunguzia mteja bei, alama zinapungua naye anaona. Ila mzigo mpya ukija na bei mpya, badilisha alama siku hiyohiyo, la sivyo utalipa bonasi ya faida ambayo hukuipata.

Baharia_Kibirizi
Kugawa kwa siku kuna uzuri wake. Ukigawa kwa kila mtu na alichouza, watagombea wateja mlangoni.

Muuzaji_Kaunta
Nusu kwa siku, nusu kwa alama za mtu?

Mhasibu_wa_Gungu
Kijana wa saruji anabeba mifuko kwa alama moja moja. Kwa nusu hiyo ya alama ataumia. Hapo sina jibu safi.

Duka_la_Ujiji
Mimi mali ikipungua nakata kwenye bonasi. Bonasi si mshahara, unaweza kukata utakavyo.

Mhasibu_wa_Gungu
Angalia hapo. Kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ujira ni malipo yote yanayotokana na ajira. Bonasi uliyoiahidi kwa masharti, naye akayatimiza, ni haki yake. Kukata kwa ajili ya hasara kuna kifungu cha 28: hasara iwe kwa kosa lake, umwandikie sababu, kiasi na ulivyokipata, umpe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira.

Duka_la_Ujiji
Sawa, robo nilikuwa siijui. Lakini mali ikipotea na wako wawili, kosa la nani?

Mama_Isevya
Ndiyo maana mimi nauza asali.

Mhasibu_wa_Gungu
Kwa kikao, karatasi moja inatosha, tarehe 5 asubuhi kabla ya kufungua, mtu mmoja mmoja. Muuzaji aandike kwanza, bosi afuate. Juu kabisa: lengo na kilichopatikana. Chini yake siku ambazo mali inayotoka haikuwepo. Misumari ya inchi 4 ikikosekana siku tisa kwa sababu hukuagiza, punguza lengo, usimlaumu yeye. Kisha vitu kumi mlivyohesabu kila wiki na tofauti iliyoonekana. Mwisho, jambo moja analoahidi yeye na moja unaloahidi wewe. Mnasaini, kila mmoja anabaki na nakala.

Mwenye_Duka_Mwanga
Nakala moja ya Juni nimeshaijaza. Siku tisa za misumari ni zangu kweli, mkuu, umejuaje? Na lile deni la Mei, bonasi nilishalipa. Niwadai au niliache?