Hii spana kwenye picha ni ringi au ya mdomo?

Mkono_Grisi: Wakuu angalieni picha ya meza. Kushoto spana malaya, pembeni yake soketi na racheti, hizo sina shida nazo. Ile ya katikati ndo inanichanganya, kichwa cha mviringo kama ringi lakini kwa mbele kina uwazi, imeandikwa 10, upande wa pili umefunikwa na tambara. Nataka kufungua nati ya paipu ya breki, nitumie hiyo au ipi?

Nati13: Iko wazi basi ni ya mdomo, mbona rahisi.

Babu Vaisi: Hapana mdogo wangu, angalia ndani. Spana ya mdomo ina taya mbili zilizonyooka, inashika nati pande mbili tu, na kichwa kimelala kidogo kama digrii 15. Hiyo ndani ina kona kona za ringi, na uwazi wake ni mwembamba kuliko nati yenyewe, umeachwa ili paipu ipite. Ni ringi ya paipu, unaipitisha kwenye paipu halafu unaisukuma juu ya nati, inashika pande tano. Ringi nzima haiwezi kuingia kwa sababu paipu inaizuia, soketi hivyo hivyo, na ya mdomo nati ikiwa imekamata inalainisha kona tu.

Chuma Chakavu: Mi naona ni ringi ya kawaida imepigwa grenda, gereji wanafanya sana.

Babu Vaisi: Inawezekana, ndo maana nimezoom. Ya kiwandani kichwa kinakuwa kinene, na mng'ao unaingia mpaka kwenye kingo za uwazi. Iliyokatwa utaona kingo za kijivu au kutu, na kuta nyembamba zinazotanuka ukivuta kwa nguvu, nati inateleza humo humo. Kwenye picha kingo ya juu inang'aa ila ya chini iko kwenye kivuli, siapi.

Mama Spea: Na mimi malaya yangu inalegea kila nikivuta, imekula nati ya tenki, nibadilishe?

Babu Vaisi: Dada hilo lingine, ila kaza gurudumu mpaka taya ziguse nati, halafu geuza spana ili nguvu iende kwenye taya isiyosogea. Ikiendelea kulegea basi skrubu yake imechakaa.

Nati13: Sawa kona nimeziona. Ila mbona ya mdomo 10 mi nafungulia breki na inatoka?

Babu Vaisi: Nati ambayo haijashika kutu itatoka na chochote bwana.

Mkono_Grisi: Nimetoa tambara, upande wa pili 11, uwazi uleule. Kingo ya chini ina mkwaruzo lakini inang'aa.

Chuma Chakavu: Mkwaruzo wa grenda huo 😂

Babu Vaisi: Piga picha kwa ubavu tuone unene, na nati yako ipime kwanza isije ikawa ni ya 11.